Jedwali la Sensa na Vichwa Vyake

Jedwali la takwimu lina sehemu mbili zinazosomwa kwa namna tofauti. Tarakimu zimejazwa katikati, na vichwa vimepangwa juu na kushotoni. Msomaji mwenye haraka hukimbilia tarakimu, lakini maana yote imebebwa na vichwa: nani amehesabiwa, kwa kipimo gani, na ni kundi gani lililo ndani ya kundi jingine. Hilo laonekana vizuri katika jedwali moja la Sensa ya Watu na Makazi ya Kenya, iliyofanyika usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Juzuu lake la pili linaorodhesha nchi nzima, kaunti, kaunti ndogo na maeneo yaliyo chini yake. Safumlalo tatu tu, zikiwekewa vichwa vya Kiswahili, zinatosha kuonyesha kazi yenyewe:

```
        |           Watu kwa jinsia                     |               Kaya                | Eneo      | Msongamano
Mahali  | Jumla      | Wanaume    | Wanawake   | Huntha | Jumla      | Za kawaida | Pamoja  | (km²)     | (watu kwa km²)
Kenya   | 47,564,296 | 23,548,056 | 24,014,716 |  1,524 | 12,143,913 | 12,043,016 | 100,897 | 580,876.3 |     82
Nairobi |  4,397,073 |  2,192,452 |  2,204,376 |    245 |  1,506,888 |  1,494,676 |  12,212 |     703.9 |  6,247
Mombasa |  1,208,333 |    610,257 |    598,046 |     30 |    378,422 |    376,295 |   2,127 |     219.9 |  5,495
```

Vichwa vya jedwali hili vina ngazi mbili. Katika ngazi ya juu, seli nne zimeunganishwa kuwa moja yenye maneno "Watu kwa jinsia", na nyingine tatu zimeunganishwa chini ya neno "Kaya". Seli iliyounganishwa hutawala safuwima zote zilizo chini yake, kuanzia ukingo wake wa kushoto hadi wa kulia. Kwa hiyo jina kamili la safuwima hupatikana kwa kuteremka kutoka juu: "Watu, Jumla" ni safuwima moja, na "Kaya, Jumla" ni nyingine. Neno "Jumla" limeandikwa mara mbili, na likisomwa peke yake halisemi ni jumla ya nini. Kosa la kawaida kabisa katika majedwali ya aina hii ni kuchukua "Jumla" iliyo karibu na jicho. Anayetafuta wakazi wa Mombasa akateremka kwenye "Jumla" ya pili atapata 378,422. Idadi hiyo inaweza kuaminika kwa mji, kwa hiyo hataishtukia, ingawa ni idadi ya kaya, si ya watu.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha kwamba mipaka ya kichwa kilichounganishwa imesomwa sawasawa. Jumla lazima ilingane na sehemu zake. Mombasa, wanaume 610,257, wanawake 598,046 na huntha 30 wanafanya 1,208,333 kamili. Kaya za kawaida 376,295 na za pamoja 2,127 zinafanya 378,422. Hesabu zikikubali, msomaji ana uhakika kwamba kila kundi linaanza na kuishia pale alipodhani. Zikikataa, ama amevuka mpaka wa kichwa, ama kuna kundi ambalo hakuliona. Kundi linalosahaulika hapa ni la huntha, ambao sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu pekee. Mtu akitafuta wanaume wa Nairobi kwa kutoa wanawake kutoka jumla atapata 2,192,697, ambao ni 245 zaidi ya waliomo katika safuwima ya wanaume. Watu hao 245 ni huntha waliofanywa wanaume na njia ya mkato.

Safuwima ya kwanza nayo ina ngazi zake, ingawa hazichorewi mistari. Kenya, Nairobi na Mombasa zimeandikwa kwa kufuatana kana kwamba ni vitu vya daraja moja, ilhali Kenya imekwisha kuzimeza nyingine mbili. Katika jedwali zima, kaunti hufuatwa na kaunti ndogo zake, na kaunti ndogo na maeneo yake. Anayejumlisha safuwima nzima kutoka juu hadi chini humhesabu mtu yuleyule mara kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha chochote, huchaguliwa daraja moja tu, na safumlalo za madaraja mengine huachwa.

Vipimo huandikwa ndani ya vichwa ili visirudiwe katika kila seli. Hapa kilomita za mraba zimewekwa kwenye mabano chini ya neno "Eneo", na "watu kwa km²" chini ya "Msongamano". Watu na kaya hazina mabano kwa sababu kinachohesabiwa kimetajwa katika kichwa cha juu. Kipimo hurithiwa kuelekea chini. Kikiwa katika kichwa kilichounganishwa, ni cha safuwima zote zilizo chini ya kichwa hicho. Kikiwa katika anwani ya jedwali, ni cha jedwali zima, isipokuwa pale ambapo safuwima fulani imetaja chake. Machapisho mengi ya uchumi huandika alama kama '000 juu ya safuwima, maana yake kila tarakimu izidishwe kwa elfu moja. Chini ya alama hiyo, wakazi wa Nairobi wangeandikwa 4,397 tu. Asiyeiona alama atauona mji mkuu kama kijiji, na hapo atashtuka. Hatari kubwa zaidi ni jedwali linalochanganya safuwima moja ya maelfu na nyingine ya idadi kamili, kwa sababu mtu akigawanya moja kwa nyingine jibu linaweza kuonekana la kawaida huku limekosewa mara elfu.

Baada ya vichwa kueleweka, maswali ya muhtasari hujibiwa kwa mpangilio: swali linataka kitu gani, kwa kipimo gani, na kutoka safuwima zipi. Chukua swali hili: ni sehemu gani ya Wakenya waliohesabiwa Nairobi na Mombasa? Safuwima ni "Watu, Jumla". Kaunti hizo mbili zina watu 5,605,406, na wakigawanywa kwa 47,564,296 jibu ni asilimia 11.8. Swali hilohilo likiulizwa kuhusu ardhi, safuwima ni "Eneo": kilomita za mraba 923.8 kati ya 580,876.3, yaani asilimia 0.16. Majibu haya mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza mengi kuhusu miji hiyo, na yote yametoka katika safumlalo tatu.

Swali la pili ni kama katika kaunti hizo mbili kwa pamoja wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nairobi wanawake wanazidi kwa 11,924, Mombasa wanaume wanazidi kwa 12,211. Kwa pamoja wanaume ni 2,802,709 na wanawake 2,802,422, tofauti ya watu 287 tu. Nairobi ni kubwa kuliko Mombasa zaidi ya mara tatu, na mtu angeweza kudhani kwamba hali yake ndiyo itakayotawala jibu. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana swali la namna hii hujibiwa kwa kujumlisha idadi zenyewe, si kwa kukisia kutokana na ukubwa wa mji.

Linalowakosesha wengi ni swali la wastani wa msongamano. Safuwima ya mwisho inaonyesha 6,247 na 5,495, na mkono hutamani kuzijumlisha na kugawanya kwa mbili, jibu liwe 5,871. Jibu hilo si sahihi. Neno "kwa" lililomo katika kipimo, watu kwa km², linaonyesha kwamba kila tarakimu ya safuwima hiyo imetokana na mgawanyo, na migawanyo haiwezi kuwekwa pamoja bila kurudi kwenye vitu vilivyogawanywa. Watu wote 5,605,406 wakigawanywa kwa kilomita za mraba 923.8 wanatoa 6,068. Nairobi ina ardhi kubwa kuliko Mombasa, kwa hiyo inastahili uzito mkubwa zaidi katika wastani. Kanuni hii ni ya safuwima yoyote ambayo kipimo chake kina "kwa" au alama ya asilimia: mavuno kwa hekta, madaktari kwa wakazi elfu moja, asilimia ya waliofaulu. Watu, kaya na kilomita hujumlishwa moja kwa moja, uwiano haujumlishwi.

Wastani wa watu katika kaya haupo kwenye jedwali, lakini unaweza kukokotolewa. Hapa kichwa cha "Kaya" kinamlazimu msomaji achague. Watu wote wa Kenya wakigawanywa kwa kaya zote, wastani ni 3.92. Wakigawanywa kwa kaya za kawaida peke yake, unapanda hadi 3.95. Tofauti ni ndogo, lakini hesabu ya pili ina kasoro: jumla ya watu inajumuisha na wale waliohesabiwa katika kaya za pamoja, kwa mfano wakazi wa taasisi, ilhali kaya zao zimeondolewa kwenye kigawanyo. Kinachogawanywa na kinachogawanya lazima viwe vya kundi moja. Kwa kutumia jumla zote mbili, Nairobi inapata 2.92 na Mombasa 3.19.

Yapo pia maswali ambayo jedwali haliwezi kuyajibu, na kuyatambua ni sehemu ya kulisoma. Ni watu wangapi wa Mombasa walihesabiwa katika kaya za pamoja? Tarakimu 2,127 iko pale kama jibu, lakini kichwa chake cha juu ni "Kaya", si "Watu". Inahesabu kaya zenyewe, na ndani ya kaya moja ya aina hiyo huenda wamo watu wengi. Vilevile "Eneo" la Nairobi, kilomita za mraba 703.9, linajumuisha Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye takriban kilomita za mraba 117 ambazo wenyeji wake ni wanyama. Kwa hiyo 6,247 ni msongamano wa kaunti kama ilivyochorwa mipaka, na haionyeshi jinsi watu wanavyobanana mitaani. Kaunti ndogo za Nairobi katika jedwali hilohilo zinathibitisha hivyo: Mathare ina karibu watu 69,000 kwa kilomita ya mraba, na Lang'ata, iliko mbuga, karibu 900.

Matatizo mengine huanza pale jedwali linapohamishiwa kwenye kompyuta. Katika programu za majedwali kama Excel, seli zilizounganishwa huhifadhi maneno katika seli ya juu kushoto tu, na zilizobaki huwa tupu. Faili ikihifadhiwa kama CSV, ambayo haijui kuunganisha, vichwa hutokea hivi:

```
,Watu,,,,Kaya,,,Eneo,Msongamano
Mahali,Jumla,Wanaume,Wanawake,Huntha,Jumla,Za kawaida,Pamoja,(km²),(watu kwa km²)
```

"Watu" sasa iko juu ya "Jumla" peke yake, na "Wanaume" hawana mwenyewe. Programu ikichukua mstari wa pili kama vichwa, safuwima mbili zitaitwa "Jumla", na neno "Eneo" litapotea kwa kuwa liko katika mstari wa kwanza. Tiba ni kutenganisha seli kabla ya kuhifadhi, kujaza neno la juu katika kila seli tupu iliyokuwa chini ya utawala wake, kisha kuunganisha maneno ya ngazi zote mbili yawe kichwa kimoja: "Watu_Jumla", "Watu_Wanaume", "Kaya_Jumla", "Eneo_km2". Koma zinazotenga maelfu nazo huondolewa, la sivyo 1,208,333 itasomwa kama seli tatu au kama maandishi. Mwishoni, ukaguzi uleule wa mwanzo hurudiwa ndani ya faili mpya: wanaume, wanawake na huntha wa kila safumlalo wakijumlishwa lazima wafike kwenye "Watu_Jumla", na watu wakigawanywa kwa eneo lazima watoe msongamano uliochapishwa, isipokuwa tofauti ndogo zinazotokana na kukadiria desimali.