Kushuka Manyovu na gari la otomatiki: Alama ya + na − haifanyi kazi sawa kwenye kila gia boksi

Barabara ya Manyovu hadi Mwandiga ina takribani kilomita 60, na dereva anayetoka mpakani na Burundi kurudi Gungu hutumia sehemu kubwa ya safari hiyo akishuka kutoka vilima vya Buhigwe kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwenye gari la manyuo hajiulizi sana. Anashusha gia, injini inalizuia gari, breki zinapumzika.

Mwenye otomatiki mara nyingi huacha mkono wa gia kwenye D na kukanyaga breki mwanzo hadi mwisho. Wengine huweka N kabisa wakiamini wanabana mafuta. Magari yao yana njia ya kushusha gia vilevile, ila inafanya kazi tofauti kulingana na kilichomo ndani ya gia boksi.

Kwa nini breki peke yake hazitoshi

Chukua IST yenye watu wanne na mzigo kidogo, jumla kilo 1,300, ikishuka mlima wa kimo cha mita 300. Nguvu inayopaswa kuzuiwa hapo, ikigeuka joto, inatosha kuchemsha lita 12 za maji baridi. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Inayobaki hubebwa na breki au injini.

Breki zikibeba zote, pedi hupata moto na kuanza kuteleza kwenye diski. Mafuta ya breki nayo hupata joto. Mafuta mapya ya DOT 3 huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakikaa miaka na kunyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndipo pedali inazama hadi chini na gari halisimami.

Dalili za mapema ni mbili: harufu ya kuungua kwenye magurudumu ya mbele, na pedali inayoanza kuwa laini kuliko ilivyokuwa juu ya mlima.

Jua kwanza una gia boksi gani

Otomatiki zilizojaa barabarani zipo za aina tatu.

Ya kwanza ni ya toki konveta, ile ya kizamani na ngumu. Kati ya injini na gia kuna mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Moja inazungushwa na injini, inasukuma mafuta, nayo mafuta yanazungusha ya pili. Nyuma yake kuna gia za kweli, nne hadi sita au zaidi. IST za mwaka 2002 hadi 2007, Noah za zamani na Prado ziko kundi hili.

Ya pili ni CVT. Haina gia kabisa. Ina mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili zinazojitanua na kujibana, hivyo uwiano unabadilika taratibu bila hatua. Iko kwenye X-Trail T31 nyingi za petroli, Passo za kuanzia 2010, na IST nyingi za kizazi cha pili.

Ya tatu ni ya klachi mbili. Hii ni gia boksi ya manyuo ndani ya mwili wa otomatiki: klachi moja inashika gia 1, 3, 5 na nyingine 2, 4, 6, na kompyuta ndiyo inayokanyaga. Volkswagen Golf yenye maandishi DSG ni mfano wake, na Honda Fit Hybrid ya kuanzia 2013 pia.

Kuzitambua si kazi. Kanyaga mafuta kwa kiasi kilekile barabara ikiwa tambarare na utazame mshale wa RPM. Ukipanda na kushuka kwa hatua, gari lina gia. Ukipanda kisha ukatulia sehemu moja huku mwendo ukiongezeka, hiyo ni CVT. Kwenye Toyota, kibati cha bodi kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Namba ikianza na K mara nyingi ni CVT, ikianza na U au A ni yenye toki konveta.

Toki konveta: tumia 2 na L bila woga

IST ya kwanza haina alama ya + na −. Ina D, 2, L na kitufe cha O/D, na hizo ndizo gia zake za kuchagua.

Ikiwa kwenye D kwa kilomita 50 kwa saa, injini inazunguka karibu RPM 1,300 tu. Haina nguvu ya kuzuia chochote. Dereva akibonyeza O/D, taa ya O/D OFF inawaka na gia ya nne inaondolewa. Akiweka 2, kwa mwendo uleule injini inafika karibu RPM 2,800 na gari linahisi kushikwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye gia boksi nyingi za zamani, gia za chini zikiwa ndani ya D hutumia kifaa kinachosukuma upande mmoja tu, kama baiskeli unapoacha kupiga pedali. Gari likiisukuma injini, kifaa kinaachia. Mkono ukiwekwa 2 au L, klachi nyingine ya ndani inafunga na injini inashika kwelikweli. Ndiyo maana gia ya pili ya D na gia ya pili ya 2 si kitu kimoja mlimani.

Utaratibu ni kupunguza mwendo kwa breki kwanza hadi chini ya kilomita 60, kisha kuweka 2. L iwekwe chini ya 30, pale mlima unapokuwa mkali sana. Kurusha mkono kwenye L gari likiwa na 80 ni kutafuta fundi.

Kwenye Prado na Toyota nyingine zenye S, namba inayoonekana kwenye dashibodi haimaanishi gia unayotumia. S4 maana yake ni kwamba gia boksi inaruhusiwa kutumia ya 1 hadi ya 4. Kama gari halijashikwa, shusha hadi S3 au S2.

CVT: gia ni za kuigiza, ila zinazuia

Kwenye X-Trail yenye M, namba 1 hadi 6 ni vituo vilivyopangwa na kompyuta. Ukigonga −, puli zinahama kutoka kituo kimoja kwenda kingine na RPM inapanda. Kwa kushuka mlima inafaa sana. CVT isiyo na M huwa na L, S au B, na B imewekwa kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia gari kwa injini.

Kwa kupanda ni habari nyingine. Kung'ang'ania M kutoka Mwandiga kwenda juu hakuna faida, kwa sababu D yenyewe huchagua uwiano bora kuliko vituo vile sita. Adui wa CVT ni joto la kupanda muda mrefu na mzigo. Mafuta yake yakipata moto kupita kiasi, kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi: dereva anakanyaga lakini gari linazidi kuwa zito. Hapo ni kuegesha sehemu salama, kuacha injini kwenye P ikizunguka bila mzigo na kusubiri ipoe. Kuendelea kukanyaga kunaumiza mkanda.

Kosa jingine hufanyikia gereji. CVT ikiwekewa mafuta ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza kwenye puli na kuzikwangua. Nissan huandika NS-2 au NS-3, Toyota huandika CVT Fluid TC au FE. Kisichoandikwa kwenye kitabu cha gari kisiingie.

Klachi mbili: inashuka vizuri, inachukia kunyemelea

Kwenye mteremko, hii ndiyo inayofanana zaidi na manyuo. Golf ikiwa kwenye D hupanda hadi gia za juu ili kubana mafuta, hata ikiwa inashuka. Dereva akisukuma mkono upande wa + na − kisha akagonga − mara mbili, gia zinaingia papo hapo na injini inashika bila mteremko wa mafuta katikati. Akiomba gia ambayo itaipandisha injini kupita kiasi, kompyuta inakataa. Hilo si tatizo la gari. Apunguze kwa breki, agonge tena.

Udhaifu wake uko kwenye mwendo wa konokono. Toki konveta ikinyemelea, kinachoteleza ni mafuta. Klachi mbili ikinyemelea, kinachoteleza ni klachi yenyewe. Kulishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo ili lisirudi nyuma kunaichoma, hasa DSG ya gia 7 yenye klachi kavu. Dalili ni mtetemo wakati wa kuondoka na harufu ya klachi. Tiba ni breki ya mguu au ya mkono hadi njia ifunguke, kisha kuondoka moja kwa moja. DSG ya gia 6 yenye klachi ndani ya mafuta huvumilia zaidi, lakini mafuta yake yanabadilishwa kila kilomita 60,000.

N haibani mafuta

Injini za EFI, ambazo ndizo karibu zote siku hizi, hukata petroli gari likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta na RPM ikiwa juu ya ile ya kusimama. Kwa hiyo IST inayoshuka kwenye 2 kwa RPM 2,800 haitumii petroli. Ikiwekwa N, injini lazima ilishwe petroli ili isizime, na gari halina kinachoizuia isipokuwa breki. Anayeweka N anapoteza vyote viwili.

Gia iko sawa lini

Kipimo ni kimoja kwa aina zote tatu. Gia sahihi ni ile inayofanya mwendo ubaki palepale au uongezeke polepole mguu ukiwa nje ya pedali zote. Mwendo ukizidi, breki inakanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi, inaachiwa ipoe, halafu tena. Ikilazimu kukanyaga kila baada ya sekunde chache, shusha gia moja zaidi.

Mlio wa injini kwenye RPM 3,000 au 4,000 huwatia abiria hofu, lakini haiumii, kwani mstari mwekundu wa injini nyingi ndogo uko karibu na 6,000. Na gia hiyo ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza, gari likiwa bado na mwendo mdogo.