Njia ya lumeni

Njia ya lumeni ni utaratibu wa kukadiria idadi ya taa zinazohitajika ili chumba kipate wastani fulani wa mwanga. Inafaa hasa ofisi ya wazi, yaani ukumbi mmoja wenye meza nyingi usiogawanywa kwa kuta. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa. Luksi hupima mwanga unaofika juu ya meza, lumeni moja kwa kila mita ya mraba.

Kanuni yake ni:

N = (E × A) / (F × U × M)

N ni idadi ya taa, E luksi zinazotakiwa, A eneo la chumba na F lumeni za taa moja. U ni sehemu ya mwanga inayofika mezani baada ya mwingine kumezwa na kuta na dari. M ni sehemu inayobaki taa zikizeeka na kushika vumbi.

Tuchukue ofisi ya kubuni mjini Nachingwea, mkoani Lindi, yenye urefu wa mita 12, upana wa mita 8 na dari jeupe la mita 3. Kiwango cha Ulaya EN 12464-1 kinataka luksi 500 kwa kusoma na kuandika. Kwa taa bapa za LED za lumeni 3,600, U ikiwa 0.85 na M 0.8, jibu ni 19.6, yaani taa 20. Zinapangwa safu 4 za taa 5, zikiachana mita 2.4 kwa urefu na mita 2 kwa upana. Kutoka ukutani hadi taa ya kwanza huachwa nusu ya nafasi hiyo. Ofisi ikiwa kando ya barabara ya vumbi na madirisha hufunguliwa kutwa, M ya 0.7 ni ya kweli zaidi. Jibu linakuwa 22.4, na taa 24 za safu 4 hupangika vizuri.

Hesabu hii hudhani chumba ni kitupu na hutoa wastani tu. Kabati refu la mafaili linaweza kumwacha karani mmoja gizani huku wastani ukipendeza. Ndiyo maana hupimwa ulinganifu: luksi za chini kabisa kugawanywa kwa wastani. Kiwango hicho hutaka usipungue 0.6 katika eneo la kazi.

Vipimo huchukuliwa usiku, kwa kimo cha meza, katika nukta zilizopangwa kwa miraba. Taa 20 za mfano wa kwanza, zikiwa mpya, zitoe wastani wa karibu luksi 640, kwa kuwa uchakavu bado haujaanza. Fundi anayepata 510 siku ya makabidhiano na kuridhika amekosea, maana baada ya muda ofisi itashuka chini ya 500. Wastani ukiwa 630 na meza iliyo nyuma ya kabati ikipata 300, ulinganifu ni 0.48. Kubadilisha taa zote kwa zenye nguvu zaidi hakusaidii, kwani namba zote mbili hupanda pamoja na uwiano hubaki uleule. Kinachosaidia ni kuhamisha kabati, au kusogeza taa upande wa meza hiyo, kisha kupima tena.