Fomula ya NPV na fedha ya kwanza

Thamani halisi ya sasa ni jumla ya fedha zote za mradi zikiwa zimepunguzwa hadi thamani yake ya leo. Katika Excel hukokotolewa kwa fomula ya NPV, ambayo jina lake huwapotosha wengi: huchukulia kuwa hata fedha ya kwanza inapatikana au kulipwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza.

Chukua mashine ya kusaga ya shilingi 10,000,000, inayolipwa leo na kuingiza 5,000,000 kila mwaka kwa miaka 3, kwa kiwango cha asilimia 10. Gharama iko B1 ikiwa na alama ya kutoa, mapato B2 hadi B4. Wengi huandika:

```
=NPV(10%,B1:B4)
```

Jibu ni 2,212,964, maana gharama ya leo imepunguzwa kana kwamba italipwa mwakani. Sahihi ni:

```
=NPV(10%,B2:B4)+B1
```

Hapo hupatikana 2,434,260. Jibu potofu likizidishwa kwa 1.10 hutoa hili sahihi, kwa hiyo faida haigeuki hasara, na ndiyo sababu kosa hujificha. Madhara huonekana mradi huo unapolinganishwa na mwingine uliokokotolewa sawasawa.