Benki 16 za Cray-1: kumbukumbu ya pole, mtiririko wa kasi

Mwaka 1976 kompyuta ya kwanza ya aina ya Cray-1, iliyobuniwa na Seymour Cray, ilifika katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Saa yake ya ndani ilipiga mara moja kila nanosekunde 12.5, yaani mapigo milioni 80 kwa sekunde, na prosesa yake ilitaka kupokea neno moja la biti 64 katika kila pigo. Tatizo lilikuwa upande wa kumbukumbu. Chipu zilizohifadhi data zilihitaji nanosekunde 50 tangu kupokea ombi moja hadi kuwa tayari kwa ombi jingine, na nanosekunde 50 ni mapigo manne. Kwa hesabu hiyo prosesa ingepata neno moja tu kila mapigo manne, na robo tatu ya muda wake ingeisha kwa kungoja.

Hata hivyo, mashine ile ilisoma maneno milioni 80 kwa sekunde, sawa na megabaiti 640. Chipu hazikuharakishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni mpangilio wa anwani.

Kumbukumbu ya Cray-1 iligawanywa katika mafungu 16 yanayojitegemea, ambayo mafundi huyaita benki. Kila benki ilikuwa na chipu zake na saketi zake za kupokea ombi, hivyo benki moja ikiwa kazini, nyingine ziliweza kuanza kazi zao. Katika mashine yenye maneno 1,048,576, kila benki ilibeba maneno 65,536.

Swali ni neno lipi likae wapi. Njia inayomjia mtu kwanza ni kuijaza benki ya kwanza hadi mwisho, kisha kuhamia ya pili. Lakini programu nyingi za kisayansi husoma data kwa mfuatano: anwani 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Data ikiwa imepangwa kwa mafungu mazima, maombi yote hayo yataangukia benki moja huku nyingine 15 zikikaa bure.

Kwa hiyo anwani hupishanishwa. Neno la anwani 0 huwekwa benki 0, la anwani 1 benki 1, na kadhalika hadi anwani 15. Anwani 16 hurudi benki 0. Kanuni ni kugawa anwani kwa 16 na kutazama kinachobaki. Na kwa kuwa 16 ni kipeo cha mbili, mashine haina haja hata ya kugawa, kwani biti nne za mwisho za anwani ndizo namba ya benki.

Ni kama mtu anayeteka maji kiangazi kwenye visima vilivyopangwa mstari. Akichota kimoja, husogea kinachofuata badala ya kungoja maji yapande, na akirudi cha kwanza hukikuta kimeshajaa.

Tufuate mapigo yenyewe. Pigo la 0, ombi linakwenda benki 0. Pigo la 1 linakwenda benki 1, la 2 benki 2, la 3 benki 3. Pigo la 4 linapofika, benki 0 imeshamaliza mapumziko yake, lakini bado haihitajiki. Zamu ni ya benki 4. Benki 0 itaombwa tena pigo la 16. Kwa usomaji wa mfuatano, basi, hata benki nne zingetosha.

Kwa nini wakaweka 16? Kwa sababu programu hazisomi kila neno daima. Nyingine huruka, zikichukua neno moja na kuacha kadhaa. Ukisoma kila neno la pili, unagusa benki nane tu. Ukisoma kila neno la nne, unagusa nne, na hapo kasi bado ni kamili. Ukiruka maneno manane kwa hatua, unagusa benki mbili tu, kila moja inaombwa baada ya mapigo mawili ilhali inahitaji manne, na kasi inashuka hadi nusu. Hatua ya 16 hurudi benki ileile kila mara, na unabaki na robo. Hatua yoyote ya namba witiri, iwe 3, 7 au 65, hupitia benki zote 16 bila kusubiri.

Hapa ndipo waandishi wa programu walipoumia bila kujua. Tazama jedwali hili la Fortran, lugha ambayo hupanga safu wima moja baada ya nyingine katika kumbukumbu:

```
      REAL A(64,64), B(64)
      DO 10 J = 1, 64
   10 B(J) = A(3,J) * 2.0
```

Programu inasoma safu mlalo ya tatu. Kutoka safu wima moja hadi nyingine kuna maneno 64. Jedwali likianzia anwani 0, inasoma anwani 2, 66, 130, 194. Gawa kila moja kwa 16: kinachobaki ni 2 daima. Maneno yote 64 yako benki 2, na kuyaleta kunachukua takriban mapigo 256 badala ya 64.

Dawa yake ni kubadili tangazo liwe `A(65,64)`. Mstari wa 65 hautumiki kabisa, lakini sasa anwani ni 2, 67, 132, 197, na benki ni 2, 3, 4, 5. Kwa kupoteza maneno 64 ya nafasi, kasi ya kusoma inarudi kamili. Dalili ya ugonjwa huu ni hiyohiyo hadi leo: programu inayokuwa nzito ghafla ukubwa wa jedwali unapofika 64, 128 au 256, kisha inachangamka ukiongeza mstari mmoja.

Kuna kitu kimoja ambacho kupishanisha hakuwezi kukifanya. Neno moja pekee haliji mapema zaidi. Katika Cray-1, kuleta neno moja kutoka kumbukumbu hadi kwenye rejista ya kawaida kulichukua mapigo 11, benki ziwe ngapi. Programu ambayo lazima isome neno ili ijue anwani ya neno linalofuata haina ombi la pili la kutuma mapema, hivyo benki nyingi hazileti nafuu.

Kumbukumbu za leo zina shida ileile. Katika RAM ya DDR4, kufungua safu moja ya benki, kuifunga na kufungua nyingine kwenye benki hiyohiyo huchukua takriban nanosekunde 45 hadi 50. Kwa hiyo chipu ya kawaida ya DDR4 ina benki 16, na kidhibiti cha kumbukumbu huyatawanya maombi kati yake. Juu ya hapo, kompyuta nyingi za mezani hupishanisha anwani kati ya chaneli mbili. Chaneli moja ya DDR4-3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Mbili hupitisha 51.2.

Basi ukinunua RAM ya gigabaiti 16 kwa kompyuta yenye chaneli mbili, chukua vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, na uvichomeke kwenye nafasi ambazo kitabu cha ubao mama kinaelekeza. Ukiviweka vyote kwenye chaneli moja, ujazo utauona kamili, lakini kasi ya juu ya mtiririko itabaki nusu.