Karani wa Ghala Anapoacha Kazi



Karani wetu wa ghala ametoa ilani ya kuacha kazi tarehe 18, na wengi mmeniuliza kama funguo zimekwisha kurudishwa. Funguo ni jambo jepesi; kufuli hubadilishwa kwa nusu saa. Lililo zito ni simu ya chama.

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole vya mtu. Ikiwa jina ni la karani, basi kwa kampuni ya simu laini ile ni yake, hata kama chama ndicho kilichoinunua. Kubadili namba ya siri hakutoshi, maana mwenye vidole anaweza kwenda dukani akapewa laini nyingine ya namba ile ile, na fedha za wanachama zimo ndani. Kwa hivyo kwanza fedha zote zipelekwe benki, ndipo isajiliwe laini ya chama. Na yafanywe hayo karani akiwa bado yupo: namba za uthibitisho za benki na za kompyuta huenda kwenye simu aliyoiandikisha yeye, na akishaondoka tutakaofungiwa nje ni sisi. Barua ya kumtoa katika watia saini nayo ipelekwe benki, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Vitabu vya risiti vihesabiwe karatasi kwa karatasi, iandikwe namba ya mwisho iliyotumika, na wote wawili watie saini.

Ghalani, karani wa zamani na wa mpya wapime pamoja kila gunia. Karafuu zikikaa huzidi kukauka na uzito hupungua, basi upungufu mdogo katika kila gunia si wizi. Gunia moja likipungua sana na jirani zake hazikupungua, hapo pana la kuulizwa. Wapime pia jiwe la mizani linalojulikana uzito wake. Karani wetu anajua mizani ipi huzidisha mpaka irudishwe kwenye sifuri, lakini hakuliandika popote. Mambo ya namna hiyo, na majamvi yaliyoazimwa kwa maneno matupu, ndiyo ya kumwuliza kwa siku mbili nzima.

Ama mshahara, tuchukue mfano wa shilingi 312,000 kwa siku 26 za kazi, yaani 12,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 15 ni 180,000, na siku 9 za likizo asizozichukua ni 108,000, jumla 288,000. Akiwa alikopa 40,000 kwa maandishi, hubaki 248,000 kabla ya mchango wa hifadhi ya jamii. Wako wanaotaka tumzuilie mshahara mpaka majamvi yote yaonekane. Mimi sikubali: deni ambalo hakulitilia saini ni dai tu, na dai huamuliwa mbali na ujira wake. Apewe na cheti cha utumishi.

Makabidhiano yataanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Mwenye jamvi la chama nyumbani kwake aje siku hiyo liandikwe.

Katibu