Kutoka maneno ya kikao hadi kazi: nani, nini, tarehe gani



Katika madaftari ya vikundi vyetu kunaandikwa mara nyingi hivi: "Tuliongea juu ya mbegu za maharagwe. Tulikubaliana zinunuliwe mapema." Hapo hakuna mtu aliyepewa kazi, na "mapema" haina tarehe. Mvua za mwezi wa 9 zinaanza, kila mama anadhani mwenzake alishughulika, na shamba linalala.

Kabla kikao hakijafungwa, katibu asome maandishi yake kwa sauti na kuweka alama pale tu palipoandikwa "tulikubaliana". Habari na malalamiko yabaki kwenye daftari. Kila makubaliano yapewe mama mmoja, aliyepo hapo, anayekubali kwa kinywa chake. Kazi ya "kamati" au ya "sisi wote" haina mwenyewe. Anaweza kusaidiwa, lakini ni yeye tutakayemwuliza.

Tarehe tunazihesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme tuko wamama 20, tunataka kupanda tarehe 15 mwezi wa 9, na kikao ni tarehe 4 mwezi wa 8:

- Mama mshauri wa kilimo: aombe mbegu kidogo kwa muuzaji, afunge 100 katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku 7 ahesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, atafute muuzaji mwingine. Mwisho: tarehe 16.
- Mweka hazina: akusanye michango. Mwisho: tarehe 20.
- Mama mnunuzi: alete kilo 100. Mwisho: tarehe 27.
- Katibu: agawe kilo 5 kwa kila mama, kila mmoja atie sahihi au kidole. Mwisho: tarehe 3 mwezi wa 9.

Zinabaki siku 12. Hizo ni za barabara iliyokatika au mbegu zilizokataa kuota. Tazameni pia kwamba kila kazi ina kitu cha kuonyesha: mbegu zilizohesabiwa, gunia, sahihi. "Nimeshughulika" si jibu.

Kwetu mama anaweza kulazimika kukimbia usiku mmoja. Kwa hiyo kila kazi iwe na msaidizi anayeijua, na nakala ya mpango ikae katika nyumba mbili. Lakini nakala hiyo isiandikwe kiasi cha pesa wala mahali zilipo, maana karatasi inaweza kuangukia mikono mibaya.

Kikao kinachofuata kianze na mpango huo, kabla ya habari mpya. Jibu ni moja kati ya mawili: imekwisha, au bado. Ikiwa bado, mama aseme kilichomzuia na apewe tarehe mpya. Tarehe ikisogezwa mara mbili, tusimgombeze; tuigawe kazi hiyo au tumpe mwingine, kwa sababu mvua haitatungoja.