Tableti ya Bei Nafuu na Mstari Usiochemka

Anayechora picha moja anaweza kuufurahia mstari unaonenepa na kukonda kila mkono unapokaza na kulegea. Mchoraji wa katuni inayotembea hana anasa hiyo. Katuni kwa kawaida huchezwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na wengi huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Kipande cha sekunde 10 tu ni michoro 120. Kama mstari wa pua ni mnene kwenye mchoro wa kwanza, mwembamba kwenye wa pili, mnene tena kwenye wa tatu, uso mzima utaonekana unachemka kama uji jikoni, hata mhusika akiwa amesimama kimya.

Ndiyo maana ushauri mwingi wa kuandaa tableti, ambao umeandikwa kwa ajili ya wachoraji wa picha, humpoteza anayeanza uhuishaji. Wao hutaka kalamu ihisi kila badiliko la mkono. Wewe unataka ihisi kidogo tu, na ihisi vilevile leo na kesho.

Tableti ninayoizungumzia ni ile bapa isiyo na skrini, kama One by Wacom ndogo au XP-Pen Star G640. Unaichomeka kwa waya wa USB, unachora mezani, macho yako kwenye kompyuta. Kalamu yake haina betri: ndani mna koili inayopata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku wa ubao wenyewe, na ncha ikikandamizwa ishara inayorudi hubadilika. Kwenye boksi utaona watengenezaji wakijisifia viwango vya mkandamizo, 2048 kwa One by Wacom na 8192 kwa Star G640. Tofauti hiyo usiilipie, kwa sababu kwenye mstari wa katuni jicho haliioni. Ukiruhusiwa kujaribu dukani, angalia kama ncha inaanza kuandika kwa mguso mwepesi au mpaka uisukume.

Kabla ya kuweka draiva mpya, ondoa kwanza draiva ya tableti yoyote iliyowahi kutumika kwenye kompyuta hiyo, kisha uizime na kuiwasha. Draiva mbili zikigombea kalamu moja, mara nyingi kiteuzi kinatembea vizuri lakini mkandamizo haupo. Kwenye Windows fungua `Control Panel`, ingia `Pen and Touch`, na kwenye `Press and hold` uzime ruhusa ya kubonyeza kulia kwa kushikilia. Usipoizima, utaona kiduara kikijitokeza kwenye ncha kila unapotulia, na mwanzo wa mstari ukichelewa.

Sasa vipimo vya eneo la kuchorea, jambo ambalo wengi hulipita. Star G640 ina eneo la inchi 6 kwa 4, karibu milimita 152 kwa 102. Kompyuta mpakato nyingi za mitumba zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ambayo ni uwiano wa 16 kwa 9. Maumbo haya mawili hayalingani. Ukiacha ubao wote utawale skrini yote, duara ulilolichora kwa mkono litatoka limelala, upana ukizidi urefu kwa karibu sehemu moja ya tano. Mkono utajifunza kulirekebisha kosa hilo bila wewe kujua, halafu ukihamia tableti nyingine unaanza upya. Dawa ni kuingia kwenye draiva na kupunguza kimo cha eneo: milimita 152 mara 9, gawa kwa 16, unapata karibu 86. Kisha weka kikombe juu ya ubao, zungusha kalamu kwenye ukingo wa kitako chake, na utazame skrini. Likitoka duara kamili, umemaliza.

Kwa programu nitatumia Krita, kwa sababu ni ya bure na ina sehemu ya uhuishaji ndani yake. Fungua `Settings`, kisha `Configure Krita`, kisha `Tablet settings`. Hapo kuna kitufe cha `Tablet Tester`. Chora ndani yake: ukiona maandishi yanayoanza na `Stylus` na namba ya `P` ikipanda na kushuka, mkandamizo unafika. Ukiona `Mouse` peke yake, Krita inaidhania kalamu yako kipanya. Rudi nyuma, badilisha kutoka `WinTab` kwenda `Windows 8+ Pointer Input` au kinyume chake, funga Krita na uifungue tena. Kama kwenye draiva yako umewasha `Windows Ink`, chaguo la pili ndilo linaloelewana nayo.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mchirizi wa mkandamizo. Uvute juu kidogo katikati kama lazima ubonyeze kwa nguvu ndipo mstari ujae. Uvute chini kama unajaa kwa mguso tu. Huu ni wa kuufaa mkono wako, na unagusa brashi zote.

Kazi ya mhuishaji hasa iko kwenye brashi. Chukua `Basic-5 Size`, uipe pikseli 10 kwenye picha ya 1920 kwa 1080, bonyeza F5 na uchague `Size`. Nukta ya chini kushoto ya mchirizi inaanzia sifuri, maana yake mguso mwepesi sana hutoa mstari wa unywele. Ipandishe hadi karibu asilimia 60. Sasa mstari wako utacheza kati ya pikseli 6 na 10: bado una uhai, ila hauwezi kupotea katikati ya shavu. Ihifadhi brashi hiyo kwa jina lake.

Ulainishaji uko kwenye `Tool Options` ukiwa umeshika brashi. Programu huchukua sehemu kadhaa kalamu ilipopita, inazipatia wastani, ndipo inachora. Kwa hiyo kila unapoongeza laini unaongeza kuchelewa, na kona kali za kiwiko au ukosi wa shati zinageuka mviringo. Kwa rasimu tumia `Basic`, maana hapo unatafuta mwendo na kuchelewa kunaua mwendo. Kwa mistari ya mwisho tumia `Stabilizer`, na `Distance` ya kati ya 20 na 30 inatosha. Ukihitaji kona, washa `Delay`, kalamu ipate nafasi ya kugeuka kabla mstari haujafuata. Anayehitaji zaidi ya hapo, mara nyingi tatizo lake ni kuchora polepole kwa vidole badala ya kutumia mkono wote, au kuchora picha ikiwa imepunguzwa kuenea kwenye skrini, ambapo kila mtikisiko unaongezeka. Sogeza picha karibu, uchore kwa ukubwa wa asilimia 100.

Jaribio la mwisho ni hili. Chora uso rahisi, fungua fremu mpya, ukopi uso huohuo kwa mkono ukiutazama wa kwanza kwa `Onion Skins`, kisha fanya hivyo mara ya tatu. Zicheze fremu tatu kwa kuzungushwa, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Mtikisiko mdogo ni wa kawaida, na wapo wanaoupenda. Unene wa mstari ukiwa ndio unaopigapiga, pandisha ile asilimia 60 hadi 80. Mstari ukihama mahali pake huku unene ukiwa sawa, ongeza `Distance` kidogo. Ukishapata kipimo kinachokufaa, kiandike kwenye karatasi na usikiguse mpaka kipande chote kiishe, kwa sababu mtazamaji ataiona fremu uliyobadilishia.